Kwa nini "jambo" yetu husikika pwani kama salamu ya mtalii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wafanyabiashara, wanafunzi na wasafiri wa hapa Bukavu, pamoja na jamaa zetu wa Goma na Lubumbashi, ambao wamewahi kufika Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, wakasalimu kama wanavyosalimu nyumbani, kisha wakashangaa jinsi walivyojibiwa. Majibu ni ya mtu aliyekulia Kadutu akisema "jambo" kila asubuhi, na ambaye baadaye aliishi pwani muda wa kutosha kusahihishwa mara nyingi.

Je, kusema "jambo" ni kosa?

Hapa kwetu si kosa hata kidogo. Ukiingia katika duka la Birere kule Goma, au ukimkuta jirani mlangoni Ibanda, "jambo" ni salamu kamili ya mtu mzima kwa mtu mzima, na jibu lake ni "jambo" au "jambo sana". Mtoto humwambia babu yake, muuzaji humwambia mteja, na padri huwaambia waumini. Lubumbashi nako salamu hiyo ni ya kawaida. Hakuna anayeisikia kama neno lililopungukiwa na kitu, kwa sababu katika Kiswahili chetu halikupungukiwa.

Tatizo huanza pale neno lile lile linapofika mahali ambapo lina kazi nyingine. Pwani, mtu akisema "jambo" peke yake, masikio ya mwenyeji husikia mgeni asiyejua Kiswahili, na mara nyingi hujibiwa kama mgeni: kwa Kiingereza, kwa tabasamu la hotelini, na wakati mwingine kwa bei ya hotelini.

Mtu wa pwani anasikia nini hasa anapoambiwa "jambo"?

Anasikia nomino. Jambo ni shauri, tukio, kitu kilichotokea au kinachohitaji kuzungumzwa. Wingi wake ni mambo. Mtu husema "kuna jambo nataka kukuambia" au "jambo hili limenishinda". Kulitamka hivi hivi mlangoni mwa mtu ni karibu sawa na kuingia ukasema "Shauri!" kisha ukanyamaza ukisubiri kujibiwa.

Salamu yenyewe ni "hujambo", na ile silabi ya kwanza ndiyo inayobeba maana. Ni kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya pili, kile kile tunachokisikia katika "huendi" na "hutaki". Kwa hiyo "hujambo?" ni kumuuliza mwenzako kama hana jambo, yaani kama hakupatwa na neno lolote baya tangu mlipoachana. Naye hujibu "sijambo", sina jambo. Salamu nzima imejengwa juu ya wazo kwamba kukosa habari ni habari njema. Ukiondoa kile kiambishi, unachokibakiza ni kile hasa ambacho salamu ilitaka kukikanusha.

Kwa sababu ni ukanushi wa nafsi, salamu hii hubadilika kulingana na anayesemwa. Ukiwakuta watu wengi, utasema "hamjambo?", nao watajibu "hatujambo". Ukiulizia watoto wa mwenzako, utasema "watoto hawajambo?", na jibu ni "hawajambo". Ukiulizia mama yake, ni "mama hajambo?" Umbo hili halitumiki katika salamu tu, kwani mgonjwa aliyeanza kupata nafuu husemwa kwamba "leo hajambo kidogo", na hapo ndipo unapoona wazi kwamba pwani neno hili bado linafanya kazi kama sentensi.

Kama ni hivyo, "jambo" ya watalii ilitoka wapi?

Sababu ya kwanza iko katika matamshi. Mkazo wa maneno ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika "hujambo" mzigo wote uko juu ya "ja", na ile "hu" ya mbele hupita haraka na kwa sauti ndogo. Sikio lisilozoea hulikosa kabisa. Mgeni huondoka akiamini kwamba ameambiwa "jambo", na kwa kuwa haoni sababu ya kubadilisha kiambishi kwa kila nafsi, hulitumia hilo hilo kwa mmoja, kwa wengi, kuuliza na kujibu.

Sababu ya pili ni kwamba wenyeji wenyewe walikubali kulisema hivyo wanapozungumza na wageni. Wakati wa ukoloni, nchini Kenya palitokea Kiswahili kilichopunguzwa sana, kilichotumiwa kati ya walowezi na wafanyakazi wao wa shambani na wa nyumbani, ambacho kiliitwa Kisetla. Ndani yake upatanisho wa ngeli ulitupwa, viambishi vikatupwa, na "jambo" ikatosha. Utalii ulipokua ukarithi neno ambalo tayari lilikuwa rahisi mdomoni mwa mgeni.

Baadaye ukaja muziki wa hotelini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, iliyokuwa ikiwapigia watalii katika hoteli za pwani, ilitoa wimbo unaojulikana kwa jina la "Jambo Bwana", ambao uliigwa na bendi nyingi ndani na nje ya Afrika. Wimbo ule ulitungwa makusudi kwa maneno ambayo mgeni anaweza kuyashika kwa jioni moja. Waliotunga walikuwa watu wa pwani na walijua fika wanalolifanya. Hawakuwa wakieleza jinsi wanavyosalimiana majumbani mwao. Kwa watu wengi waliozaliwa baada ya hapo, "jambo" imefungamana na vikundi vya ngoma vinavyopokea mabasi ya wageni, na ndiyo maana kijana wa Mombasa akimwambia mwenzake "jambo" huwa anafanya mzaha.

Na "jambo" yetu sisi, ni ile ile ya watalii?

Hapana, na hili ndilo linalowaudhi wengi wetu tunapochekwa. Neno moja limepitia njia mbili tofauti.

Kiswahili kilifika huku kwetu bara katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani, ikapitia Unyamwezi na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba, katika maeneo yaliyotawaliwa na Tippu Tip. Wengi waliokuwa katika misafara hiyo, wapagazi na askari, hawakuzaliwa na Kiswahili. Walikitumia kuelewana na watu wa lugha nyingi walizozikuta njiani. Katika hali kama hiyo viambishi vinavyobadilika kwa kila nafsi huwa ni vya kwanza kuachwa, na salamu hugeuka kuwa neno moja lisilovunjika. Huko Katanga, miji ya migodi iliyokua baada ya 1910, mwaka ulipoanzishwa mji unaoitwa leo Lubumbashi, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto waliozaliwa humo.

Hapo ndipo njia zinapoachana. "Jambo" ya mtalii ni neno la mtu anayepita na asiyeendelea zaidi ya hapo. "Jambo" yetu ilirithiwa na vizazi vya watu wanaoota, wanaogombana na wanaozika wafu wao kwa Kiswahili hicho. Mtu wa pwani, hata hivyo, halijui hilo kwa kusikia silabi mbili. Analijua tu ukiendelea kuzungumza.

Nitajuaje kwamba nimechukuliwa kama mtalii?

Dalili ya haraka ni lugha ya jibu. Kwenye fukwe za Mombasa na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, vijana wanaowatafuta wateja, ambao Unguja huitwa papasi, huanza wao wenyewe kwa "jambo". Pale neno lile ni kipimo. Ukijibu "jambo", amejua kwamba hujui Kiswahili, na mazungumzo yatahamia Kiingereza au Kifaransa, ziara za mashamba ya viungo zikifuatia. Ukijibu "sijambo, habari za kwako?" au ukasema tu "poa", kwa kawaida uso wake hubadilika, anapunguza mwendo, na anaanza kukuuliza unatoka wapi.

Dalili nyingine ni kuendelezewa wimbo: umesema "jambo" na muuzaji akakujibu kwa maneno ya "hakuna matata". Sisi hapa "matata" ni neno la kila siku, tunalisikia hata kwa wasemaji wa Kilingala, na kuambiwa kwamba hakuna matata hakutushtui. Pwani, anayetaka kukuhakikishia kwamba hakuna tatizo atasema "hamna shida", "hakuna taabu" au "hamna neno". Ile nyingine ameiweka kando kwa ajili ya wageni.

Je, unaweza kutoa mfano wa mazungumzo yaliyokwenda vibaya, na jinsi ambavyo yangeweza kwenda?

Mama mmoja wa Kadutu, anayeuza vitenge, alisafiri kwa mara ya kwanza hadi Dar es Salaam kununua mzigo. Aliingia katika duka moja la Kariakoo asubuhi. Ndani alikuwamo mzee aliyevaa kanzu na kofia, ameketi kando ya meza ya fedha, na kijana aliyekuwa akipanga majora. Mama akamgeukia mzee kwa heshima zote, akasema: "Jambo, papa."

Kijana akacheka kabla ya mzee kufungua mdomo, kisha akamjibu mama kwa Kiingereza. Mama hajui Kiingereza. Alipoendelea kwa Kiswahili, "Vitenge hivi ni bei gani?", kijana akashangaa, na ikabidi waanze upya, yule mama akiwa tayari ameona haya.

Mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja. La kwanza ni hilo la "jambo" tuliloeleza. La pili ni "papa". Kwetu papa ni baba, na kumwita mzee hivyo ni adabu. Pwani papa ni samaki mkubwa wa baharini, yule mwenye meno. Mama alikuwa amemsalimu mzee wa watu kwa neno la mtalii na kumwita samaki, na bado alikuwa ndiye mwenye adabu kuliko wote waliokuwa mle dukani.

Nilipomweleza, tuliyarudia mazungumzo yale kama yalivyostahili kuwa. Mlangoni, kwa kuwa ni duka, hahitaji hodi. Hodi ni ya nyumbani. Akimwona mzee, anasema: "Shikamoo, mzee." Mzee anajibu: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Mama: "Sijambo. Habari za asubuhi?" Mzee: "Njema, za utokako?" Mama: "Huko salama." Hapo tu ndipo anapomgeukia kijana na kumwambia: "Habari yako, kaka? Naomba kuona vitenge." Inachukua muda mfupi kuliko kuyasoma hapa, lakini bei haiulizwi kabla ya hapo.

Safari yake iliyofuata alirudi katika duka lile lile. Alisema kwamba kijana hakumkumbuka, ila mzee alimkumbuka.

"Shikamoo" ni nini, na ni nani anayestahili kuambiwa?

Chanzo chake ni maneno ya kusema kwamba nashika miguu yako, na leo hakuna anayeshika miguu. Ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na anayeipokea hujibu "marahaba". Mkubwa hapa hupimwa kwa umri kwanza, lakini mwalimu au mkwe naye huipata. Kwa kuwaambia wazee wengi pamoja, husemwa "shikamooni".

Kwetu Kivu salamu hii haina makao, kwa hiyo tunakosea kwa njia mbili. Wengine hawaisemi kabisa, na mzee wa pwani akabaki kuwaona watoto wasiolelewa. Wengine, wakishajifunza, humwambia kila mtu. Ukimpa shikamoo mwanamke anayekuzidi miaka miwili, usishangae akikukatalia kwamba unamzeesha. Kipimo ninachokitumia mimi ni kujiuliza kama mtu huyu angeweza kuwa mzazi wangu au ndugu mdogo wa mzazi wangu. Kama sivyo, "habari" inatosha. Pia usiitikie "marahaba" mtu asipokupa shikamoo, kwa maana utakuwa umejipandisha cheo.

Vijana wa pwani husalimiana vipi?

Kwa "mambo?" na "vipi?", au vyote kwa pamoja. Majibu ni "poa", "safi", "freshi", na kwa wengine "shwari", neno ambalo asili yake ni hali ya bahari iliyotulia. Kuna kichekesho kidogo hapa, kwa sababu "mambo" ni wingi wa "jambo" hilo hilo. Umoja umekuwa wa mtalii na wingi ukawa wa kijana wa mtaani. Tofauti ni kwamba "mambo?" ni kifupisho cha swali, mambo yako yakoje, na lina jibu lake maalumu, hakuna anayejibu "mambo" kwa "mambo".

Salamu hii haipandi juu. Kijana hamwambii mzazi wake "vipi", na wewe mgeni usimwambie mzee wa duka wala ofisa wa forodha, hata kama wote waliokutangulia kwenye foleni walikuwa wakiambiana hivyo.

Waislamu wa pwani wana salamu yao. Je, nami niitumie?

Miji mingi ya pwani ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na kati yao salamu ya kwanza ni "asalamu alaikum", inayojibiwa "waalaikum salamu". Mtu akiingia barazani penye wazee hutangulia na hiyo, kisha ndipo hufuata kuulizana hali: "u hali gani?", "njema, alhamdulilahi". Wazee wa Unguja na Mombasa wangali wakisema pia "sabalkheri" asubuhi na "masalkheri" jioni, ambazo hujibiwa kwa kurudiwa.

Mimi ni Mkristo, na ushauri wangu ni wa kiasi: ukisalimiwa kwa salamu hiyo, itikie; usiposalimiwa nayo, anza na "hujambo" au "shikamoo", ambazo hazimuulizi mtu dini yake.

Nikisema "habari? muzuri", nitachekwa pia?

Utatambuliwa, na hilo ni tofauti na kuchekwa. Pwani "habari" hujibiwa "nzuri", "njema" au "salama", kwa sababu habari iko katika ngeli inayotaka kivumishi cha namna hiyo. "Muzuri" yetu inaonyesha kwamba umetoka Kongo, na watu wa Dar es Salaam, waliokwishazoea wafanyabiashara wetu, hulijua hilo papo hapo. Wimbo wa Mombasa niliouzungumzia juu nao hujibu "habari gani" kwa "mzuri sana", jambo linaloonyesha jinsi watunzi walivyokuwa wakiigiza Kiswahili cha mgeni. Sisi hatuigizi, na kwa kuwa sentensi zetu zinazofuata ni ndefu na zina maana, mwenyeji hagundui mtalii, anagundua jirani wa mbali.

Ndiyo maana, kama mtu hana muda wa kujifunza yote, namshauri abadilishe silabi moja tu: aseme "hujambo" badala ya "jambo", na akiulizwa ajibu "sijambo". Mengine yote ya Kikongo anaweza kuyaacha yalivyo.

Je, kuna mahali pwani ambapo "jambo" inakubalika?

Hotelini, kwenye viwanja vya ndege, na katika boti za kuwapeleka wageni kuogelea, ndiyo, maana huko ni neno la kazi. Pia utakutana na mtu mzima aliyetamka "hujambo" kwa haraka mpaka ukasikia "jambo" tu; mjibu "sijambo", nawe hutakuwa umekosea kwa vyovyote.

Na mtu wa pwani akija kwetu, anaonekanaje?

Madereva wa malori kutoka Tanzania wanaofika Lubumbashi kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa hukutana na fumbo hili kwa upande wa pili. Nilikuwapo katika komuni ya Kenya, ile ya Lubumbashi, dereva kijana wa Tanga alipomwinamia mama mzee aliyekuwa akiuza karanga, akamwambia kwa upole: "Shikamoo, bibi." Mama yule akasubiri kidogo kuona kama kuna neno lingine linalofuata. Halikufuata. Basi akamjibu: "Jambo sana, mutoto yangu," na dereva akasimama pale akiwa hajui kama amepokewa au la, mpaka alipopimiwa karanga na kuongezewa konzi moja juu.